Maneno ya Heri kutoka kwa Binamu wa Bibi Harusi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu wa pande zote mbili, wajomba na mashangazi, mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya maandalizi, mshereheshaji wetu, na ninyi nyote mliofika jioni ya leo: karibuni sana. Kwa namna ya pekee nawakaribisha wakwe zetu mliotoka Tabora kwa treni ya reli ya kati, safari ya zaidi ya kilomita 800, mkashuka hapa Dar es Salaam mkiwa bado na nguvu za kututania tangu pale stesheni.

Mimi ni binamu yake Zuhura, mtoto wa mjomba wake, na nimepewa dakika chache za kuwatakia heri maharusi. Mnajua kwamba binamu ni mtani. Mnajua pia kwamba Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi zile ambapo misafara ya wapagazi ilikatiza Uzaramo ikielekea pwani na pembe za ndovu. Kwa hiyo jioni hii nina ruhusa mara mbili, na kwa heshima ya wazee nitazitumia zote.

Nianze na bibi harusi. Kila mjukuu aliyepitisha likizo kwa bibi yetu kule Kisarawe anafahamu kwamba Zuhura alianza kuwa mwalimu wa hisabati kabla hata hajaanza darasa la kwanza. Wajukuu tulikuwa wengi, fenesi lilikuwa moja, na kazi ya kuligawa ilikuwa yake bila kupigiwa kura. Alipaka mikono mafuta ya kupikia ili utomvu usimnate, akaketi juu ya kigoda, akabandua kokwa moja baada ya nyingine huku akihesabu kwa sauti, na hakuna aliyeruhusiwa kumeza mate mpaka hesabu ikamilike. Zilizobaki baada ya mgawo zilikuwa za bibi, na hilo halikuwa na mjadala. Kaka mmoja, ambaye leo ameketi meza ya pili akiwa amevaa suti ya kijivu na kujifanya hasikii, aliwahi kuficha kokwa mbili chini ya mkeka. Zuhura alirudia hesabu yote tangu mwanzo, akasimama, akaufunua mkeka ule bila kuuliza swali, kisha akampa fungu lake kamili kama wengine. Alichotaka ni haki tu. Kumwaibisha mtu hakukuwa na nafasi katika hesabu zake.

Sasa nitoe siri ya familia, na nimemwomba baba mkwe ruhusa. Barua ya posa ilipoletwa na mshenga, wazee wetu walikaa kikao wakaandika majibu. Mahari ilikuwa haki ya Zuhura mwenyewe, naye alishaitaja. Zilizobaki zilikuwa zile za mila: mkaja wa mama shilingi 200,000, kilemba cha baba 150,000, kilemba cha mjomba 150,000 na ubeleko 100,000. Chini yake mzee mmoja, kwa mwandiko mzuri kabisa, akaandika jumla ya 650,000. Bibi harusi kwa desturi hapaswi kuiona karatasi hiyo. Lakini alipita na sinia la chai, akaitupia jicho mara moja tu, na muda mfupi baadaye akatumwa mtoto kutoka jikoni na ujumbe usemao: “Dada anawasalimu wazee, anasema jumla ni 600,000, na wakwe wasitozwe kisichokuwepo.” Kikao kilinyamaza. Wazee walihesabu kwa vidole, wakahesabu kwa simu, kisha wakafuta. Hamisi, bwana wetu, elewa kwamba mkeo alikutetea kabla hujamwoa, na elewa pia kwamba hesabu za nyumbani kwako kuanzia leo zitakaguliwa.

Nawe Hamisi tulikupima, ijapokuwa hukujua kama unapimwa. Mara ya kwanza ulipokuja kujitambulisha ulileta dumu la asali kutoka kwenye mizinga ya baba yako, pamoja na mfuko wa michembe. Asali tuliitambua. Michembe wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuiona, na mjomba wetu mkubwa, mtu wa adabu ambaye hapendi mgeni ajisikie vibaya, akadhani ni kitafunwa, akachukua kipande kikavu akakitia mdomoni. Enyi watu wa Tabora, ninyi mnajua ugumu wa viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani mpaka vikakauka. Mzee alitafuna. Sebule nzima ilisikia. Macho yalimtoka, jasho likamtiririka, lakini aliendelea kutabasamu na kusema ni vitamu.

Hapo ndipo nilipomtazama Hamisi. Angeweza kucheka, na kwa utani wetu asingelaumiwa na mtu. Angeweza kueleza kwamba michembe huchemshwa kwanza, ikaliwa laini, hasa ikiungwa kwa karanga, na mzee angebaki ameumbuka mbele ya watoto wake. Badala yake alinyoosha mkono, akachukua kipande kikubwa zaidi, akakitia mdomoni, akaanza kutafuna pamoja na mkwe wake. Wakatafuna wote wawili, kwa utulivu, wakizungumza habari za mvua, mpaka bibi alipotoka jikoni na kuuliza kwa mshangao kwa nini wanaume wazima wanakula chakula kibichi wakati moto umewaka. Sebule yote ikaangua kicheko, na mjomba na Hamisi ndio waliocheka zaidi ya wote. Usiku ule, baada ya wageni kuondoka, mjomba alisema: “Huyu kijana apewe.” Alisema hivyo akiwa ameshika shavu, lakini alisema.

Wapendwa, nimewaeleza haya kwa sababu ndiyo ninayowajua nayo maharusi wetu. Zuhura hawezi kuona mtu akidhulumiwa hata shilingi moja, awe wake au mgeni. Hamisi yuko radhi meno yake yaumie kuliko kuona mzee wa watu akivunjiwa heshima. Nimefurahi kutoka moyoni kwamba wawili hawa wamepatana, na nimefurahi zaidi kwamba watoto wao, Mungu akipenda, watalelewa katika nyumba yenye hesabu sahihi na michembe iliyochemshwa.

Watani zetu, babu zenu walikuwa wakileta mali pwani. Safari hii mnaondoka nayo, tena iliyo bora kuliko zote tulizonazo. Zuhura ameshapata uhamisho wa kufundisha Tabora, na bibi, ambaye hakuzoea kukaa bila yeye, ameniagiza niseme mbele ya mashahidi kwamba Idi moja italiwa kwenu na nyingine italiwa Kisarawe, na kwamba dumu la asali lisisahaulike. Hamisi, naona unatikisa kichwa kukubali. Mpiga picha, tafadhali hakikisha hilo limeingia.

Sasa naomba wote tusimame na tuinue glasi zetu za sharubati. Zuhura na Hamisi, Mwenyezi Mungu awajaalie mapenzi na huruma, riziki ya halali, watoto wema na afya ya kuwatunza wazee wenu wa pande zote mbili. Tunawapenda sana. Kwa heri ya maharusi!