Kuhusu bei mbili za chumba kimoja, tarehe 19 hadi 23 Machi

Assalaam alaykum Bi Rehema,

Ujumbe wako niliupata jana jioni, mapokezi pamejaa watu na mabegi, nikaona nisiujibu mbio mbio. Umeuliza chumba ni kile kile, ghorofa ya pili, kitanda kikubwa na kidogo, vipi kwenye simu, katika mtandao wa kuweka nafasi, kinaonyesha shilingi 127,500 kwa siku halafu chini yake 150,000? Ni chumba kimoja kweli. Ile ya bei ndogo haikupeleki chumba cha nyuma, wala hutanyimwa chai ya asubuhi. Shuka, feni, maji ya moto, vyote sawasawa. Kinachotofautiana ni nani atabeba hasara safari ikivunjika.

Bei ya 127,500 ndiyo iliyoandikwa Non-refundable kwenye skrini yako. Ukiibonyeza, kadi inakatwa pale pale, siku zote nne kwa pamoja, yaani 510,000 kwa chumba kimoja. Baada ya hapo fedha hairudi. Ukighairi kesho, imekwenda. Ukighairi mwezi ujao, imekwenda vile vile. Na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: kubadili tarehe nako kunahesabiwa kughairi. Mgeni anadhani kusogeza mbele siku moja ni jambo dogo, lakini mfumo unaona ameacha nafasi ya kwanza na kutaka nyingine. Ukiacha boti kuahirishwa, ambako nitakueleza chini, kitu pekee tunachoweza kukubadilishia bila malipo ni jina la atakayelala. Kama wewe umekwama na dada yako akaja badala yako, niandikie tu jina kama lilivyo kwenye kitambulisho au pasipoti.

Ile ya 150,000, iliyoandikwa Flexible, hailipwi leo. Kadi unaiweka kama dhamana, na malipo utayafanya ukifika hapa mapokezi. Unaweza kughairi au kusogeza tarehe bila kukatwa hata senti, ila hadi siku tatu kabla ya kuwasili. Kwa kuwa mnafika Alhamisi tarehe 19, mwisho wenu ni Jumatatu tarehe 16 Machi saa 23:59. Nakuomba uisome vizuri hiyo saa, maana ni ya kizungu: ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku wa Jumatatu, na ni saa za Zanzibar. Dada yako aliyeko Maskati yuko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwake itakuwa imeshaingia Jumanne, saa saba kasoro dakika moja usiku. Ukipita muda huo ukaghairi, tunakata siku ya kwanza, 150,000. Msipotokea kabisa na hakuna aliyetuambia, tunakata zote nne.

Kwa hiyo hata hiyo ya pili ina mlango unaofungwa. Nakwambia mapema kwa sababu kwenye ujumbe wako umeandika, "nachukua ile ya kughairi ili mwezi ukichelewa nihamishe." Hapo, Bi Rehema, hesabu haiendi hivyo. Tuseme Ramadhani imeanza tarehe 19 Februari. Mwezi wa Idi utatafutwa jioni ya tarehe 19 Machi, siku mnayoshuka kwenye boti. Ukiandama, Idi ni Ijumaa tarehe 20. Usipoandama, tunakamilisha thelathini na Idi ni Jumamosi tarehe 21. Vyovyote iwavyo, saa yako ya kughairi bure itakuwa imepita siku tatu nyuma. Hakuna bei yoyote kwenye mtandao inayosubiri mwezi!

Dawa ya hilo ni tarehe zenyewe, nawe umezichagua vizuri bila kujua. Kuanzia tarehe 19 hadi asubuhi ya 23 mnakuwa hapa kwa Idi ya Ijumaa na kwa Idi ya Jumamosi pia. Watoto watawahi viwanja vya sikukuu Mnazi Mmoja kwa vyovyote, maana hapa kwetu sherehe haziishi siku moja. Na kama Ijumaa itakuwa bado funga, msiwe na wasiwasi wa ile chai ya asubuhi iliyomo kwenye bei: tutawaletea daku mlangoni, bila nyongeza, kwa bei zote mbili. Basi msizisogeze tarehe hizo. Mkizibana kuwa siku mbili ili kuokoa fedha, hapo ndipo mwezi utawachezea.

Sasa niseme kwa nini tunaweka bei mbili, usije ukadhani ni ujanja. Chumba ambacho hakikulaliwa Idi hatuwezi kukiuza tena baada ya Idi. Mtu akighairi jioni ya kuamkia sikukuu, wageni wa bara wameshapata pa kulala na wengine wameshaamua kubaki kwao. Anayelipa leo anatupa uhakika, na lile punguzo la 22,500 kwa siku ndilo shukrani yetu. Anayetaka kujiachia nafasi ya kubadili mawazo analipia hiyo nafasi. Watu huniuliza pia kama fedha ya mgeni asiyekuja inaingia yote mfukoni mwetu. Hapana, mtandao unakata kamisheni yake hata hapo.

Kwa vyumba viwili mnavyotaka, siku nne, tofauti yote ni 180,000, yaani 90,000 kwa kila chumba. Si fedha ya kudharau, najua nauli za boti kwa familia nzima. Lakini ipime dhidi ya kinachoweza kupotea, ambacho ni 510,000 kwa chumba. Mimi huwapigia wageni hesabu hii: kama unajijua kwamba katika safari saba unazopanga moja huvunjika, basi bei mbili hizi zinakaribia kulingana. Ukiwa mtu wa kughairi zaidi ya hapo, ile ndogo itakutoka ghali. Ukiwa mtu akisema naja anakuja, hata mvua inyeshe, ukichukua ile kubwa unalipa 90,000 bure.

Na kwa jinsi ulivyonieleza, humo ndani mna watu wa aina mbili. Chumba cha kwanza ni wewe, mama na watoto. Shule zimo kwenye mipango yako, mama amekwishasema Idi hii ataswali Unguja, na mnatoka Dar es Salaam, boti ya mwendo wa saa mbili tu. Sioni kitakachowazuia. Chumba cha pili ni dada yako na mumewe. Yeye mwenyewe kakwambia likizo ya Idi huko kwao haijulikani mpaka itangazwe, na ndege bado hajakata. Ndio maana ushauri wangu ni kuchanganya: chukua 127,500 kwa chumba chenu na 150,000 kwa chumba cha dada. Jumla itakuwa 1,110,000 badala ya 1,200,000, na yule ambaye safari yake inayumba ndiye mwenye ruhusa ya kughairi. Mtandao utakuruhusu, ila usiviweke vyumba viwili kwenye nafasi moja. Fanya nafasi mbili tofauti, kila moja na namba yake, ili kughairi kwa dada kusiguse chumba chenu.

Idi iliyopita tulikuwa na mgeni mmoja, mstaarabu sana, aliyechukua vyumba vitatu kwa bei ndogo ndani ya nafasi moja kwa ajili ya ukoo mzima. Wiki moja kabla, kaka yake akanyimwa ruhusa kazini. Aliniandikia kuomba, na roho iliniuma kwa kuwa nilikuwa sina la kumpa. Vyumba tulikwishavizuia, wengine tumewakatalia. Kuomba si vibaya, kwenye mtandao kuna mahali pa kumwomba mwenye nyumba asamehe makato, na pakitokea msiba au ugonjwa sisi huangalia kwa macho mawili. Lakini huo ni uungwana wetu, haumo kwenye masharti ya bei, na usiupangie bajeti.

Jambo la boti umeliuliza pia. Boti ikiahirishwa kwa sababu ya bahari kuchafuka, nitumie picha ya tangazo la kampuni ya boti siku hiyo hiyo, na siku ya kwanza tutakusogezea mwishoni kama chumba kitakuwa wazi, hata kwa waliochukua bei ndogo. Kuchelewa tu bandarini hakumo. Mkifika usiku wa manane mlinzi yupo, chumba chenu hakiuzwi kwa mtu mwingine.

Kuhusu kadi. Kwa chumba cha 127,500 hakikisha salio limetimia 510,000 kabla hujabonyeza, na hasa kama unatumia kadi ya kwenye simu, angalia kiwango cha juu cha malipo kwa siku. Kadi ikikataa, mtandao utakutumia ujumbe uweke nyingine, na ukichelewa tunaruhusiwa kuiachia nafasi. Kwa chumba cha dada kadi yake ya Omani inafaa, wala haihitaji kukatwa kitu sasa. Benki yake inaweza kuonyesha kiasi kidogo kimeshikiliwa kwa muda. Huko ni kuipima kadi tu, kitarudi chenyewe. Na mtu yeyote akikutumia kiungo kwa simu akisema ni sisi, tunataka uthibitishe kadi upya, usikifungue. Sisi tunaandika humu humu unaposoma ujumbe huu.

Nimeona tayari umeshaweka nafasi moja ya vyumba viwili kwa bei ya 150,000. Usianze kwa kuighairi. Weka kwanza zile mbili mpya, subiri uthibitisho wa zote mbili, ndipo uifute hiyo ya zamani, hutakatwa kitu kwa sababu tarehe 16 Machi bado iko mbali. Ukifuta kwanza, vyumba vinarudi sokoni, na kwa sikukuu kuna watu wanaokesha wakitazama nafasi. Ili uweze kufanya hivyo nimekufungulia vyumba viwili vya ziada vya aina hiyo hiyo hadi keshokutwa, Alhamisi tarehe 22 Januari, saa nne usiku.

Ukiona bado roho haijatulia, viache vyote kwenye 150,000 kama vilivyo. Nafasi hiyo iko salama na huhitaji kufanya lolote.

Nisalimie mama, mwambie chumba cha ghorofa ya pili kina ngazi kumi na nane na mkono wa kushikia upande mmoja tu. Kama magoti yanamsumbua niambie kabla hujaweka nafasi mpya, kile cha chini ni bei hizo hizo mbili lakini kwenye mtandao kina jina lake, na hiyo bei ndogo haitakuruhusu kuhama.

Wako,
Salma, mapokezi
Malindi, Mji Mkongwe, Zanzibar
Jumanne, 20 Januari 2026