Taa za dashibodi: mwongozo kwa wanaoanza kujifunza udereva, Mtwara

Kabla hujajua gia, jifunze kusoma dashibodi. Kila taa pale inasemea mfumo fulani wa gari, na dereva anayejua ni mfumo upi huamua haraka: nisimame hapa hapa, niende polepole hadi kwa fundi, au niendelee na safari. Magari yetu mengi yamekuja yametumika kutoka Japani na vitabu vyake ni vya Kijapani, lakini picha za taa zinafanana karibu duniani kote. Ukizijua kwenye gari la mafunzo, utazitambua hata kwenye lori la saruji.

Anza na rangi. Nyekundu ni hatari: tafuta mahali salama usimame. Njano, au ile inayokaribia rangi ya chungwa, inasema kuna hitilafu au tahadhari. Gari linaweza kwenda lakini lipelekwe kwa fundi. Kijani na bluu kwa kawaida zinakuarifu tu kwamba kitu kimewashwa. Indiketa ni kijani. Taa fuli ni bluu, na ukiiona usiku kwenye barabara ya Lindi huku gari jingine linakuja mbele yako, shusha taa mara moja.

Sasa jaribio la kila asubuhi. Zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Taa nyingi zitawaka kwa pamoja, na hiyo ni kawaida, gari linajikagua. Ukiwasha injini, ya oili na ya betri zizimike papo hapo; ya ABS, yaani mfumo unaozuia tairi kukaba ukifunga breki, na ya eabagi hufuata baada ya sekunde chache. Itazame kwa makini taa ambayo haikuwaka kabisa. Inawezekana imeungua, au mtu ameichomoa ili kuficha ubovu. Ukienda kununua gari, fanya jaribio hili kabla ya kutaja bei.

Nyekundu

Birika lenye tone mdomoni ni oili ya injini. Wengi hudhani linasema oili imepungua. Linachopima ni msukumo wa oili, yaani kama oili inafika kwenye vyuma vinavyosuguana. Oili ikiwa chini sana msukumo hushuka, ndiyo, lakini hata oili ikiwa imejaa, pampu yake ikifa taa itawaka. Ikiwaka ukiwa njiani, egesha na uzime injini. Usiseme "nifike pale Mingoyo kwanza". Bila msukumo wa oili, injini inaweza kujila ndani ya dakika chache. Subiri kidogo oili ishuke chini, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena, kisha usome. Imepungua? Ongeza, washa, na uitazame taa. Isipozimika, zima tena na uite fundi; gari livutwe.

Kipimajoto kilichosimama kwenye mawimbi ni joto la injini. Magari mengi madogo hayana mshale wa joto, yana taa tu: bluu asubuhi injini ikiwa bado baridi, ambayo huzimika yenyewe, na nyekundu injini ikichemka. Kwa mkoa wetu taa hii ni ya kuheshimiwa sana, hasa gari likiwa na mzigo linapanda Newala wakati wa jua kali. Nyekundu ikiwaka, zima kiyoyozi, egesha, zima injini, kisha ngoja. Msifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto! Maji yaliyo ndani yana msukumo na yatakurukia usoni na kukuunguza vibaya. Ngojeni hadi rejeta ipoe kabisa, ndipo mfungue taratibu kwa kitambaa kinene. Wala msimwage maji baridi kwenye injini inayochemka, silinda hedi inaweza kupasuka. Sababu mara nyingi ni maji kuvuja, feni isiyozunguka au pampu ya maji.

Picha ya betri nayo huwadanganya watu. Wanakimbilia kununua betri mpya, kumbe taa inasemea mfumo wa kuchaji: alteneta, mkanda wake, au nyaya. Gari litaendelea kutembea kwa umeme uliobaki kwenye betri, kisha litazima. Kwenye baadhi ya magari mkanda ule ule unazungusha pampu ya maji, kwa hiyo taa ya betri ikifuatiwa na ya joto, mkanda huenda umekatika. Simama.

Duara lenye alama ya mshangao, au neno BRAKE, ni breki. Kwanza angalia handibreki kama umeishusha vizuri. Kama imeshuka na taa bado inawaka, mara nyingi mafuta ya breki yamepungua, ama kwa sababu breki pedi zimekwisha au kuna mahali yanavuja. Kanyaga pedali taratibu. Ikizama au ikiwa laini, gari lisiondoke.

Mtu aliyekaa na mpira mbele yake ni eabagi. Isipozimika, mfuko unaweza usifunguke siku ya ajali. Mtu mwenye mkanda anakwambia ufunge mkanda. Ufunge.

Njano

Picha ya injini ndiyo wanayoiita chek injini. Inasemea udhibiti wa injini na moshi wake: sensa, plagi, koili, mfumo wa mafuta. Ikiwaka bila kumetameta na gari linakwenda vizuri, lipeleke likapimwe kwa mashine inayochomekwa chini ya dashibodi, isome msimbo wa hitilafu. Ikimetameta, injini inamisi, na petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega yanayosafisha moshi kwenye ekzosi. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, tafuta pa kuegesha. Kuchomoa betri ili taa izimike hakutibu kitu, kunamfutia fundi ushahidi tu.

ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida bado zipo, ila tairi zinaweza kukaba ukifunga breki ghafla. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, usiendelee na safari.

Gari lenye alama za kuteleza nyuma yake ni mfumo wa kuzuia tairi kuzunguka bure. Kwenye mchanga wa Msimbati mtaiona ikimetameta. Hapo inafanya kazi yake. Ikibaki imewaka, mfumo umezimwa au una hitilafu.

Usukani wenye mshangao ni pawa stelingi ya umeme. Usukani utakuwa mzito lakini gari bado linakata kona, shika kwa mikono miwili. Tairi iliyokatwa yenye mshangao ni upepo umepungua. O/D OFF kwenye otomatiki si ubovu: umebonyeza kitufe cha pembeni ya gia na umezuia gia ya juu. Bonyeza tena, la sivyo utakula mafuta bure hadi Lindi. Ikimetameta yenyewe bila kubonyezwa, kwenye magari mengi ni hitilafu ya gia boksi.

Kwa mtakaoendesha pikapu za dizeli msimu wa korosho: waya uliojisokota ni hita plagi, subirini uzimike ndipo muwashe. Faneli yenye matone chini yake ni maji kwenye chujio la dizeli. Yamwagwe mapema kabla hayajafika kwenye pampu na nozeli.

Pampu ya kituo cha mafuta mnaijua. Ikiwaka, jazeni kwenye kituo cha kwanza mtakachokuta, maana ukitoka Lindi kwenda Kilwa vituo haviko karibu karibu kama mjini.