Nafasi ya mkufunzi wa wafanyakazi: sentensi tatu ulizoniomba

Assalamu alaykum Bibi Meneja,

Natumai hamjambo nyote hapo ofisini. Katika mazungumzo yetu ya simu uliniambia kuwa maombi yangu umeyasoma, ila kabla hujayapeleka kwa mkurugenzi unataka nieleze kwa sentensi tatu tu kwa nini mwalimu wa skuli anahamia kwenye mafunzo ya wafanyakazi. Hizi hapa, unaweza kuzichukua kama zilivyo:

Tangu 2013 nasomesha kemia na Kiingereza katika skuli ya sekondari hapa Chake Chake, na sehemu ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote ni kumchukua mtu asiyelijua jambo mpaka akaweza kulifanya peke yake, mimi nikiwa sipo. Nilipoombwa kuwafundisha wahudumu wa vyumba wa hoteli moja ya mwambao wa mashariki wa Unguja kutumia dawa za usafi kwa salama, nilikuta watu wazima, wenye bidii na akili zao, ambao wametia saini karatasi za mafunzo na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwafundisha kweli. Nataka kazi hiyo iwe ndiyo kazi yangu, kwa sababu hotelini somo la leo linatumika kesho asubuhi, na mimi najua kulipanga, kulisomesha kwa Kiswahili na Kiingereza, na kurudi baadae kutazama kama limeshika.

Sentensi zimekwisha hapo. Yanayofuata ni kwa ajili yako wewe, maana najua mkurugenzi akiuliza swali la pili utaulizwa wewe.

Aliyeniita kule hotelini ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa msimamizi wa usafi. Maji ya upande ule yanatoka kwenye visima vya mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, kwa hivyo mabomba na vioo vya bafuni vinafanya ukoko mweupe usiotoka kwa sabuni. Wahudumu wanautoa kwa dawa yenye asidi. Choo hicho hicho wanakitia jiki ili king'ae na kisinuke. Asidi ikikutana na jiki inatoka gesi ya klorini, na bafu lenyewe halina dirisha. Mmoja wa akina mama wale alikuwa anakohoa kila akimaliza zamu, akidhani ni vumbi la mashuka.

Darasani, kidato cha tatu, ningeliandika ubaoni:

```
NaOCl + 2HCl → NaCl + H2O + Cl2
```

Pale sikuandika hata herufi moja. Niliwaomba wanioneshe stoo. Dawa zilikuwa zimemiminwa kutoka madumu makubwa kwenye chupa za maji ya kunywa, hazina lebo, zote zina kimiminika kisicho rangi au cha manjano hafifu. Kwenye madumu yenyewe alama zilikuwepo, ile almasi yenye mpaka mwekundu na picha ya mkono unaoliwa na tone, lakini maelezo yalikuwa ya Kiingereza kitupu na madumu hayatoki stoo. Mhudumu anayepanda ghorofani na chupa ya maji mkononi angejuaje? Bibi Meneja, hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo lile halimalizwi na semina ya ukumbini yenye chai na maandazi.

Basi tukafanya hivi. Chupa za maji zikatolewa, zikaja chupa za kupulizia za rangi mbili, moja ya asidi na moja ya jiki, na sheria moja: chupa mbili hizo hazikai kwenye toroli moja. Kisha nikafuata njia iliyotumika viwandani Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, walipolazimika kuwafundisha haraka watu ambao hawajawahi kushika mashine. Unamtayarisha mtu na kumuuliza anachokijua tayari. Unamuonesha kazi hatua kwa hatua. Anaifanya yeye huku anakueleza kwa mdomo wake kwa nini kila hatua iko hapo. Halafu unamwacha, na unarudi kumtazama. Hatua ya tatu ndiyo yenye faida zaidi. Mtu anaweza kuiga mkono wako na asijue sababu, lakini akiisema sababu kwa maneno yake, hata zamu ya usiku atakumbuka.

Niliporudi baada ya mwezi sikutoa mtihani. Nilikwenda moja kwa moja stoo na kwenye matoroli. Chupa zilikuwa mahala pake, na yule mama aliyekuwa akikohoa ndiye aliyekuwa akimuelekeza mfanyakazi mpya.

Najua kwenye mahojiano mtaniuliza ninapima vipi mafunzo. Kuna Mmarekani, Donald Kirkpatrick, aliyeandika mwaka 1959 kuwa mafunzo yatazamwe kwa madaraja manne: watu wameyapokea vipi, wamejifunza nini, wamebadilisha nini kazini, na kazi yenyewe imefaidika nini. Fomu nyingi za tathmini zinazojazwa mwisho wa semina zinaishia daraja la kwanza, yaani mkufunzi alikuwa mcheshi na chakula kilikuwa kizuri. Mimi nitaomba nipimwe kwa daraja la tatu, na kwa hilo nitahitaji ruhusa ya kuingia jikoni, stoo na kwenye korido za vyumba wakati watu wako kazini. Bila ya ruhusa hiyo sitaweza kukwambia kwa uaminifu kama fedha yenu ya mafunzo imezaa kitu.

Yapo nisiyoyaweza. Sijawahi kupika hotelini wala kukaa mapokezi, kwa hivyo somo la usalama wa chakula nitalipanga pamoja na mpishi wenu mkuu, yeye atoe ujuzi na mimi nitoe namna ya kuufundisha. Kiingereza cha mapokezi nitakiandaa kutokana na malalamiko halisi ya wageni wenu; msemo wa kitabuni haumsaidii kijana aliyesimama mbele ya mgeni ambaye chumba chake hakijawa tayari saa tisa mchana.

Pengine utaulizwa pia kama nimechoka na watoto. Sijachoka nao. Kidato cha nne wangu wana mtihani wa taifa mwezi wa Novemba na sitawaacha kabla ya hapo. Mwalimu mkuu nimeshamuarifu, ameridhia, na mwalimu wa kunirithi ameanza kukaa nami maabara ili vijana wasije wakakatika njiani. Hilo naomba lisijadiliwe upya. Kazini kwenu naweza kuanza Januari.

Kwa somo la majaribio mlilolitaja, nipangieni siku yoyote ya Jumamosi, maana Jumatatu lazima niwe darasani. Nitavuka kwa boti kutoka Mkoani siku moja kabla. Badala ya ukumbi wa mikutano, naomba nusu saa ya kuzunguka na msimamizi wa usafi kabla ya somo, kisha nipewe wahudumu sita au saba, wakiwemo wanaoona tabu kusoma, na somo lifanyike bafuni kwenye chumba kisicho na mgeni. Ukija na mkurugenzi, simameni mlangoni muwatazame wao, msinitazame mimi. Vyeti vyangu na barua ya mwalimu mkuu nimeviambatanisha.

Nakushukuru kwa kunipa nafasi ya kujieleza.

Wassalaam,
Mwalimu wa Kemia na Kiingereza,
Chake Chake, Pemba