Maswali ya usaili: muuguzi wa wodi ya upasuaji, zamu ya usiku

Kwa wajumbe wa jopo. Kila msailiwa ana dakika 40. Swali la kwanza lichukue hata nusu ya muda huo, ndilo linalotuonyesha mtu. Msomeeni polepole, mpeni karatasi yenye hali za wagonjwa na kalamu, kisha nyamazeni. Akitaka kurudia kusoma, arudie. Wodini hakuna anayepewa nishani kwa kukariri.

Swali la 1. Saa 1:30 usiku

Umepokea zamu sasa hivi. Wodi ina wagonjwa 24. Mpo wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Kabla hujaweka mkoba chini, haya yanakufikia kwa pamoja:

Kitanda 3: mwanamume wa miaka 58, alifanyiwa upasuaji wa utumbo mchana. Alichomwa mofini saa 12 jioni. Amelala, anakoroma. Anapumua mara 7 kwa dakika, oksijeni asilimia 86.

Kitanda 7: mwanamke mwenye kisukari. Alipewa insulini saa 12:30 jioni, chakula hakukigusa. Ana jasho jingi na anajibu vitu visivyoeleweka.

Kitanda 9: kijana aliyeumia tumbo katika ajali, amefanyiwa upasuaji leo. Mapigo ya moyo yalikuwa 84, yakawa 98, sasa ni 118. Presha 112/70. Hajalalamika, ila ameomba maji mara tatu na hatulii kitandani.

Kitanda 11: mwanamke aliyewekewa chuma mguuni. Analia kwa maumivu, anayapa 8 kati ya 10. Vipimo vyake vyote viko sawa.

Kitanda 15: dripu imeisha. Kaka wa mgonjwa amesimama mezani kwako, anasema ameita mara nne na sasa anakwenda kwa mkubwa wenu.

Unaanza na nani, nani anafuata, na mwenzako na mhudumu unawapa kazi gani?

*Kwa jopo.* Kitanda 3 ni cha kwanza. Kukoroma kwa mtu aliyechomwa mofini msikuhesabu kuwa usingizi mzuri: njia ya hewa inaziba na pumzi inakwisha. Tunataka kusikia anamwita na kumtikisa, anainua kidevu, anaweka oksijeni, anaomba msaada kwa sauti, daktari anaitwa na naloksoni inaandaliwa. Wakati huohuo mwenzake awe kitanda 7 anapima sukari. Ikiwa chini ya 4 (au 70, kwa mashine zinazosoma miligramu) na mgonjwa anameza vizuri, apewe gramu 15 hadi 20 za sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Kama hamezi au fahamu zinapotea, hakuna kitu kinachoingia mdomoni, dawa ipite kwenye mshipa. Msailiwa anayesema "nitamaliza cha 3 kisha niende cha 7" amesahau kwamba hayuko peke yake.

Kitanda 9 ndicho mtego. Wengi watakiweka nyuma ya mwanamke anayelia, kwa sababu presha "iko sawa". Mwili wa kijana huizuia presha isishuke kwa muda mrefu huku damu inavuja ndani. Mapigo yanayopanda, kiu na kutotulia hutangulia. Asiyeona mwelekeo wa namba tatu zile, mpeni nafasi moja: "Hebu tazama tena mapigo yake." Akishtuka na kubadilisha mpango, huyo anafundishika, mpeni alama zake. Akiutetea mpango wake wa kwanza, andikeni hivyo.

Maumivu ya kitanda 11 ni ya kweli na yanastahili dawa usiku huuhuu, ila anayelia ana pumzi ya kulia. Tungependa asikie mtu akimwambia atafikiwa baada ya muda gani. Kwa yule kaka, sentensi moja ya heshima inatosha. Mhudumu anaweza kuleta vifaa, kukaa na mgonjwa, kuita watu. Kumtathmini mgonjwa si kazi yake, na msailiwa anayemtuma "akamwangalie kitanda 9 kama yuko sawa" amempa mzigo wake mwenyewe.

*Swali la nyongeza, msiliache:* Kitanda 3 amepewa naloksoni, ameamka, anapumua mara 14, anakuuliza saa ngapi. Je, sasa unaweza kumwacha?

Jibu ni hapana. Naloksoni inaweza kuisha nguvu mapema kuliko mofini, na mgonjwa akazama tena wakati kila mtu ameshapumua. Anayelijua hili amewahi kusimama kando ya kitanda cha namna hiyo.

Swali la 2. Mfuko wa damu

Wodini kuna wanawake wawili ambao majina yao yanakaribiana kufanana. Mmoja ameanza kuongezewa damu dakika 10 zilizopita. Anakwambia mgongo unamuuma na anatetemeka. Joto limetoka 36.8 hadi 38.4. Unafanya nini, kwa mpangilio?

*Kwa jopo.* Neno la kwanza liwe "nasimamisha damu". Si "napima presha", si "nampigia daktari". Kisha anabadilisha mrija, anaweka maji ya chumvi ili mshipa ubaki wazi, anaita daktari, analinganisha jina, namba ya faili na kundi la damu kwenye mfuko na kwenye kitambulisho cha mkononi. Mfuko unarudi maabara, hautupwi. Sikilizeni kama atamkumbuka yule mwanamke wa pili bila kuulizwa: kama mifuko imebadilishana, wa kwake nao unaweza kuwa njiani. Akisema anamtambua mgonjwa kwa namba ya kitanda, mwulizeni vitanda vikihamishwa inakuwaje.

Swali la 3. Simu ya daktari

Daktari anaagiza kwa simu ko-amoksiklavu ya kwenye mshipa. Mgonjwa ana mkanda mwekundu: penisilini ilimvimbisha koo. Unamwambia. Anajibu: "Mpe tu, nimeshasema." Tuambie maneno utakayoyatumia, kana kwamba sisi ndio daktari.

*Kwa jopo.* Mjumbe mmoja awe daktari, na awe mkali kidogo. Dawa hiyo ina penisilini ndani yake, kwa hiyo haitolewi. Tunataka adabu isiyolegea: hali ya mgonjwa, kilichompata, anachoomba (dawa nyingine), na nani atampigia akikataliwa. Anayesema "nitaitoa lakini nitaandika kwamba aliagiza yeye" hafai wodi hii, hata kama majibu mengine ni mazuri.

Swali la 4. Mwenzako anakuomba

Saa 4:15 usiku. Mwenzako alisoma "10U" kama 100 na amechoma yuniti 100 za insulini. Ametoa macho. "Dada, naomba isiandikwe. Tumwangalie tu mpaka asubuhi." Unamjibuje?

*Kwa jopo.* Kama msailiwa ni mwanamume, someni "kaka". Mgonjwa kwanza: sukari ipimwe sasa na irudiwe mara kwa mara, daktari aitwe, glukosi iwe tayari. Ripoti inafuata usiku huohuo, ikieleza kilichotokea na saa, bila kumchafua mtu. Huruma kwa mwenzake tunaipokea, kuficha hatukupokei. Kisha mwombeni amwambie mgonjwa, hapohapo mezani, kana kwamba ni mmoja wetu. Hapa wengi hukwama.

Swali la 5

Tueleze siku uliyopanga vipaumbele vibaya. Ulijuaje?

*Kwa jopo.* Anayesema haijawahi kumtokea, mwulizeni mara moja tu nyingine, kisha endeleeni.

Mwisho, mwachieni dakika tano aulize yeye. Akiuliza wauguzi wa usiku ni wangapi, mjibuni ukweli: wawili.