Barua ya Kumtambulisha Bi. Mary Mulenga Malogo, Mwombaji wa Kibali cha Ukaazi

Elia M. Chibago,
Kata ya Miyuji,
Jiji la Dodoma.

11 Mei 2026

Afisa Uhamiaji wa Mkoa,
Mkoa wa Dodoma,
DODOMA.

Ndugu,

YAH: KUMTAMBULISHA NA KUUNGA MKONO OMBI LA KIBALI CHA UKAAZI DARAJA C LA BI. MARY MULENGA MALOGO, RAIA WA ZAMBIA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa sasa ni mjumbe wa Baraza la Kata. Nimeishi hapa Miyuji tangu mwaka 1997, na majirani wa eneo letu wamenichagua kuwa mwenyekiti wa umoja wao wa kusaidiana wakati wa misiba na magonjwa. Ninaandika barua hii kwa hiari yangu, baada ya Bi. Mary kuniomba nieleze kile ninachokijua juu yake kama jirani. Sina undugu naye wala na marehemu mume wake, sina biashara naye, hatudaiani, na sijapokea wala kuahidiwa chochote kwa ajili ya maneno haya. Ninatambua pia kwamba kutoa maelezo ya uongo kwa Idara ya Uhamiaji ni kosa la jinai, na kwa sababu hiyo nimeandika tu yale niliyoyaona mwenyewe, au niliyoyasikia yakisemwa kwenye vikao nilivyohudhuria. Pale ambapo nategemea maelezo ya familia, nimesema hivyo waziwazi.

Bi. Mary alizaliwa Zambia mwaka 1964, na namba ya pasipoti yake imo katika fomu ya ombi alilowasilisha. Nilimfahamu mwaka 2009, alipofika hapa pamoja na mume wake, marehemu Daudi Malogo, Mgogo mwenzetu, ambaye alifanya kazi miaka mingi kama fundi wa injini katika karakana ya reli ya TAZARA iliyoko Mpika, Zambia. Marehemu alinieleza kwamba walifunga ndoa hukohuko Mpika mwaka 1988, na nakala ya cheti cha ndoa, ambayo nimeonyeshwa, imeambatishwa kwenye ombi. Alipostaafu alirudi nyumbani na familia yake, akajenga nyumba jirani na yangu. Viwanja vyetu vinatenganishwa na uzio wa minyaa tu, na kwa miaka hii 17 hakujapita msimu wa mvua wala wa kiangazi ambao hatukuonana karibu kila siku. Kwa hiyo ninaposema kwamba makazi yake ya kudumu ni hapa Miyuji na si mahali pengine, nasema jambo ambalo nimelishuhudia. Jina lake limo pia katika daftari la wakazi la mtaa wetu, na Mtendaji wa Mtaa ameandika barua yake mwenyewe kuthibitisha hilo.

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto watatu, na wote ni raia wa Tanzania kupitia baba yao na wana Vitambulisho vya Taifa. Wa kwanza, Yohana, ni mwalimu wa sekondari wilayani Kondoa. Wa pili ni muuguzi Manyoni, na mtoto wake wa kike mwenye umri wa miaka 9 analelewa na bibi yake hapa, akisoma shule ya msingi iliyo karibu nasi. Wa mwisho anafanya kazi mjini Dodoma na anaishi na mama yake nyumba moja.

Sasa naomba nieleze kwa nini ombi hili limeletwa wakati huu, maana nadhani ndiyo sehemu ambayo ofisi yako itataka kuielewa vizuri. Muda wote wa ndoa yao hapa nchini, Bi. Mary aliishi kwa pasi ya mtegemezi iliyotokana na mume wake. Marehemu Daudi alifariki dunia mwezi Agosti 2024 baada ya kuugua, tukamzika hapa Dodoma. Kifo hicho kiliondoa msingi wa pasi hiyo, ingawa yeye mwenyewe hajabadilika, nyumba ni ileile na majirani ni walewale. Pasi yake ya sasa inaisha tarehe 30 Juni 2026. Hakukaa kimya akisubiri iishe. Mwezi Februari mwaka huu alikuja kwangu akiwa na bahasha ya nyaraka zake zote, akaniomba nimsindikize hadi ofisi yako kuulizia utaratibu unaomfaa mjane asiye mwekezaji wala mwajiriwa. Tulikwenda naye, tukapokelewa na kuelekezwa, na ombi hili la Daraja C limetokana na maelekezo hayo. Kwa maoni yangu, mtu anayekwenda mwenyewe mbele ya mamlaka ya Uhamiaji miezi kadhaa kabla ya muda wake kwisha amekwisha kuonyesha jinsi anavyoziheshimu sheria za nchi.

Kuhusu makazi na matumizi yake, naweza kuthibitisha mambo yafuatayo kwa sababu nilikuwapo yalipoamuliwa. Baada ya msiba, ukoo wa Malogo ulikutana nyumbani kwa marehemu, nami nikaalikwa kama mzee wa eneo. Ndugu wa marehemu walikubaliana, bila hata mmoja kupinga, kwamba mjane abaki katika nyumba hiyo maisha yake yote, na kwamba nyumba na kiwanja viwe vya watoto, kwa kuwa wote wanaelewa kwamba mama yao, akiwa raia wa kigeni, hawezi kumilikishwa ardhi hapa nchini kama raia. Yohana aliteuliwa na Mahakama kuwa msimamizi wa mirathi, na nakala ya uteuzi huo imeambatishwa kwenye ombi. Nyumba ina vyumba viwili vya uani vinavyopangishwa. Kodi inapokewa na Yohana, naye ndiye anayemtumia mama yake fedha za matumizi kila mwezi, wakisaidiana na wadogo zake. Bi. Mary hana ajira, hana duka wala genge, na kuku wachache anaofuga ni kwa ajili ya nyumbani. Sijawahi kumwona akifanya kazi ya malipo tangu nimfahamu. Hategemei mfuko wa umma, wala umoja wetu haujawahi kumpa msaada zaidi ya ule ambao kila nyumba iliyofiwa hupewa.

Juu ya tabia yake ningependa kusema zaidi kidogo, kwa sababu neno «mwaminifu» huandikwa kirahisi katika barua za namna hii bila kuonyesha limetoka wapi. Mwaka 2013 umoja wetu, wenye nyumba 43, ulimchagua kuwa mweka hazina, kazi ya kujitolea isiyo na malipo ambayo ameifanya hadi leo. Kila nyumba huchanga shilingi 2,000 kwa mwezi. Daftari lake nimelikagua mimi mwenyewe kila Januari: amelipigia mistari kwa kalamu nyekundu, kila nyumba ina mstari wake, na kila aliyelipa ametia sahihi, au alama ya dole gumba kwa wazee wasiojua kuandika. Mwaka mmoja hesabu ilipungua shilingi 6,000. Hakuna aliyekuwa anajua, nami nilikuwa bado sijafungua daftari, lakini alisimama mbele ya kikao kabla ya ajenda ya fedha, akasema kuna upungufu na kwamba yuko tayari kuulipa. Tulipokaa naye kupitia kurasa, tuligundua kwamba mchango wa miezi mitatu wa nyumba moja ulikuwa umeandikwa mara mbili na kwamba hakuna shilingi iliyopotea. Nimefanya kazi na watunza fedha wengi katika utumishi wangu shuleni, na wachache sana ningewakabidhi fedha za wajane na yatima kwa moyo mtulivu kama ninavyomkabidhi mama huyu.

Katika Baraza la Kata hajawahi kuletwa kama mlalamikiwa katika shauri lolote, na hilo ningelijua. Alikuja mara moja kama shahidi, katika ugomvi kati ya mpangaji wa nyumba yao na jirani, akasema ukweli uliompa haki jirani, ingawa mpangaji yule ndiye aliyekuwa akiwalipa kodi. Sijawahi kusikia akihusishwa na uhalifu, ulevi, au kumhifadhi mtu asiye na kibali. Wageni wake kutoka Zambia, ambao ni dada yake na mpwa wake, walipokuja kwenye msiba waliandikishwa kwa Mwenyekiti wa Mtaa siku waliyofika na wakarudi kwao. Hajihusishi na siasa, na hajawahi kujiandikisha kuwa mpiga kura, jambo ambalo wenzake walimshawishi kwa nia njema, naye akawajibu kwamba haki hiyo ni ya raia.

Anazungumza Kiswahili vizuri, na Kigogo anakielewa kiasi cha kuamkiana na bibi zetu kwa «mbukwa» na kuendelea na mazungumzo. Anaimba katika kwaya ya akina mama kanisani. Akina mama wa hapa humwita Mama Yohana, na watoto wengi hawajui kwamba alizaliwa nje ya nchi.

Nimemuuliza, kama mtu yeyote mwenye busara angeuliza, kwa nini asirudi kwao. Alinijibu kwamba wazazi wake wote wawili wamefariki, kwamba watoto wake na mjukuu wake wako hapa, na kwamba kaburi la mume wake liko hapa. Ninaona sababu hizo ni za kweli na zinatosha. Kumwondoa kungemwacha mjukuu bila mlezi na kungemtenga mama wa miaka 62 na kila mtu anayemtunza.

Mimi si msemaji wa sheria za Uhamiaji, na uamuzi ni wa mamlaka yako. Kwa yale ninayoyajua, naunga mkono kikamilifu ombi la Bi. Mary Mulenga Malogo la kupewa Kibali cha Ukaazi Daraja C, na ninaomba lishughulikiwe, ikiwezekana, kabla ya pasi yake kwisha tarehe 30 Juni 2026. Niko tayari kuhojiwa ofisini kwako, kuapa kiapo juu ya maelezo haya, au kumpokea afisa wako atakayekuja kuthibitisha makazi yake. Ninapatikana nyumbani kwangu, au kupitia Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Miyuji. Endapo jambo lolote nililolieleza hapa litabadilika wakati ombi likiwa bado linashughulikiwa, nitakujulisha kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

(Sahihi)

Elia M. Chibago
Mwalimu Mkuu Mstaafu na Mjumbe wa Baraza la Kata

Nakala: Mtendaji wa Kata ya Miyuji
Bi. Mary Mulenga Malogo

Viambatisho: Nakala ya Kitambulisho cha Taifa cha mwandishi, nakala ya kurasa za daftari la umoja za Januari 2026, zilizotiwa sahihi na wajumbe wa kikao.