Shilingi 357,000 na nafasi yangu nyumbani

Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa sababu ya lugha ambayo shuleni tulichekwa kwa kuizungumza. Sisi ni Wanubi wa Bombo. Ndani ya nyumba tunasema Kinubi, nje tunasema Kiswahili, na kwa watu wengi wa Uganda ya kati wa rika la wazazi wetu Kiswahili kilibaki kuwa lugha ya askari na vizuizi vya barabarani, ambayo hakuna mzazi aliyejivunia mwanawe akijifunza. Lakini Busia, mpakani mwa Kenya, kampuni ndogo ya uwakala wa forodha ilikuwa ikitafuta karani atakayeelewana na madereva wa malori yanayotoka Mombasa, na wenzangu waliofika kwenye usaili wakiwa na vyeti vizuri kuliko vyangu walikwama pale walipoambiwa wamweleze dereva, kwa Kiswahili, kwa nini lori lake limezuiwa.

Nilianza mwanzoni mwa Julai 2018, miezi michache baada ya marais wa Uganda na Kenya kuzindua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia. Kazi yenyewe haikuwa na fahari yoyote. Nilipokea makaratasi ya dereva, nikalinganisha ankara na orodha ya mizigo, nikasoma namba ya sili iliyofungwa kwenye kontena na namba iliyoandikwa kwenye hati, na zilipohitilafiana hata kwa tarakimu moja nilimwita mkubwa wangu, kisha nikarudi kumtuliza dereva ambaye hakuwa ameoga wala kulala. Madereva waliniita dada, hata wale wenye umri wa baba yangu, na walipokasirika waliniita mheshimiwa.

Mshahara tuliokubaliana ulikuwa shilingi 400,000 kwa mwezi, na kwa wiki nne nilikuwa nimeshazitumia kichwani zote. Mwisho wa Julai nilipewa bahasha na kikaratasi cha hesabu kilichoonyesha shilingi 357,000. Mhasibu, mama mmoja mpole kutoka Tororo, alinikalisha akanifafanulia. Shilingi 235,000 za kwanza hazitozwi kodi ya mapato. 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 10. Na 65,000 zilizobaki ziliangukia kwenye asilimia 20, hivyo jumla ya kodi ikawa 23,000. Nyingine 20,000, yaani asilimia 5 ya mshahara wote, zilikwenda kwenye Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambako mwajiri aliongeza 40,000 kutoka mfukoni mwake. Nilimuuliza hizo 60,000 nitazipata lini, akacheka, akasema nikizeeka.

Tulilipwa taslimu kwa sababu wafanyakazi wenyewe waliomba hivyo. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka ule serikali ilianza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa kwa simu, na pia shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Kabla ya hapo nisingezitilia maanani 200 hizo, kwa kuwa muda wa maongezi nilinunuliwa na mama. Sasa nilikaa kitandani nikazizidisha kwa siku 30, nikapata 6,000, na nikakumbuka kwamba 6,000 ndicho kiwango cha chini cha mshahara wa mwezi kilichowekwa kisheria Uganda mwaka 1984 na ambacho hadi wakati ule kilikuwa hakijabadilishwa. Tangu siku hiyo habari za bajeti, ambazo nilizoea kuzizima redioni, nilizisikiliza mpaka mwisho, na nilizisikiliza kwa ugomvi, kama mtu anayezungumziwa pembeni ilhali yupo.

Hayo ni mabadiliko ambayo mtu anaweza kuyatarajia. Lililonishangaza lilitokea Bombo.

Nilikuwa nikilipa kodi ya chumba, nikibakiza ya kula, na kumpelekea mama 120,000 kila mwezi. Mama huuza chapati na mandazi karibu na kambi ya jeshi, na kwa biashara hiyo ndiyo ametusomesha. Aliposhika fedha za kwanza aliniombea dua, akazifunga kwenye pindo la kanga, na nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini kuanzia mwezi wa pili alianza kunipigia simu kuniuliza mambo ambayo hakuwahi kuniuliza: je, bati la jikoni tulibadilishe sasa au baada ya mvua, je, mdogo wetu aendelee na shule ya bweni, je, mjomba anayetaka kukopa apewe. Mimi ni mtoto wa pili. Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka minne, ndiye aliyekuwa akiulizwa hayo tangu baba afariki, na wakati ule alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu mwingine, akimpelekea mwenye pikipiki 10,000 kila jioni hata siku ambayo abiria hawakuonekana.

Nilipokwenda nyumbani kwa Idi ya Agosti nilimkuta kaka amekaa barazani wakati sisi tunazungumzia karo. Hakukasirika, wala hakuwa na neno baya. Alikuwa kimya tu, na nilipomuuliza anaonaje alijibu, "Wewe ndiye unayejua." Sitasema kwamba sikufurahia kidogo kusikia hivyo, maana binti katika nyumba nyingi za kwetu huzoea kuelezwa mambo yakiwa yameshaamuliwa. Lakini kaka alikuwa akifanya kazi kwa saa nyingi kuliko mimi, kwenye jua na vumbi, na kilichonipandisha juu yake ni kwamba fedha zangu zilifika zote siku moja zikiwa na karatasi, wakati zake zilifika 3,000 leo na 5,000 kesho na kumalizikia kwenye sukari na mafuta ya taa bila mtu kuzihesabu. Nikamwambia mama kwamba tukijumlisha alichotoa kaka kwa mwezi mzima huenda kinakaribia changu. Mama alinyamaza, kisha akachukua daftari la wadeni wake wa mandazi, akafungua ukurasa mpya na kuandika jina la kaka juu.

Mwezi ulipoisha daftari lilionyesha 95,000.

Sijui kama tarakimu hiyo ilimfariji kaka kama ilivyonifariji mimi, ila swali la karo lilirudi kwake, na mimi nikaacha kujibu maswali ya nyumbani kwa simu kabla yeye hajaulizwa. Nilijifunza pia kusema hapana, jambo ambalo mtu asiye na kipato hahitaji kulijua kwa kuwa hakuna anayemwomba. Mjomba hakupewa mkopo, na ni kaka aliyemweleza.

Mwaka uliofuata tulinunua pikipiki iliyotumika, nusu ya bei nikitoa mimi na nusu akitoa yeye, na kadi ikaandikwa jina lake kwa makubaliano kwamba atanirudishia sehemu yangu polepole bila riba. Mwaka 2020, bodaboda zilipozuiwa kubeba abiria kwa miezi kadhaa kwa sababu ya korona, marejesho yalisimama na hakuna aliyeyataja; yeye alibeba mizigo na kusambaza unga, na mama aliendelea kuandika. Kaka alimaliza deni Desemba mwaka ule, akaongeza 20,000 juu, nikazikataa, naye akaziacha mezani mbele ya mama mpaka nikazichukua.