Ombi la kurekebishwa kwa kodi iliyokatwa kupita kiasi baada ya nyongeza ya mshahara

Mwanajuma Said Bakari
Nambari ya kazi 0417
Idara ya Nyaraka za Forodha
Shimanzi, Mombasa

13 Oktoba 2025

Kwa Meneja,
Ofisi ya Mishahara,
Makao Makuu, Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: KODI YA PAYE ILIYOKATWA KUPITA KIASI, JULAI HADI SEPTEMBA 2025

Kwa barua ya tarehe 16 Juni 2025 nilipandishwa cheo na mshahara wangu ukaongezwa kutoka shilingi 68,000 hadi shilingi 82,000 kwa mwezi, kuanzia tarehe 1 Julai. Naishukuru kampuni kwa hilo. Ninachoomba ni kurekebishwa kwa kodi ya PAYE ambayo tangu mwezi huo imekatwa kupita kiwango cha sheria.

Slipu yangu ya Juni inaonyesha kodi ya shilingi 10,692.35, nayo ni sahihi. Slipu za Julai, Agosti na Septemba kila moja inaonyesha shilingi 18,087.35, yaani kodi imepanda kwa shilingi 7,395 kwa sababu ya nyongeza ya shilingi 14,000. Nilipouliza dirishani kwenu nilielezwa kwamba nimeingia daraja la juu la kodi. Kwa heshima, maelezo hayo hayaafikiani na viwango vilivyopo, kwa kuwa asilimia 30 hutozwa sehemu ya pato iliyo kati ya shilingi 32,333 na shilingi 500,000 kwa mwezi, na mshahara wangu wa zamani na huu mpya yote miwili inaishia ndani ya daraja hilo hilo. Hata kama kila shilingi ya nyongeza ingetozwa asilimia 30 bila kuondolewa chochote, kodi isingeweza kupanda zaidi ya shilingi 4,200.

Nimefanya hesabu upya na nadhani nimeona kosa lilipo. Kwenye mshahara wa shilingi 82,000 hutolewa kwanza mchango wa NSSF wa shilingi 4,320, bima ya afya ya SHIF shilingi 2,255 na ushuru wa nyumba shilingi 1,230, kisha pato linalobaki la shilingi 74,195 ndilo hutozwa kodi: shilingi 24,000 za mwanzo kwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25, na shilingi 41,862 zilizosalia kwa asilimia 30. Jumla ni shilingi 17,041.85, na ikiondolewa nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 ambayo kila mfanyakazi mkaazi hupewa, inayopaswa kukatwa ni shilingi 14,641.85.

Kiasi cha shilingi 18,087.35 hupatikana tu ikiwa nafuu hiyo haikutolewa kabisa, na ikiwa SHIF na ushuru wa nyumba havikuondolewa kabla ya kodi, kama ilivyokuwa kabla ya tarehe 27 Desemba 2024 sheria ilipobadilishwa. Makato hayo mawili yenyewe yamo kwenye slipu zangu na yamelipwa. Hayakuhesabiwa tu wakati wa kupiga kodi. Nilipopandishwa cheo nilifunguliwa ukurasa mpya kwenye mfumo wa mishahara, na huenda mipangilio ya ukurasa wa zamani haikuhamishwa. Ninyi mnaouona mfumo ndio mtakaothibitisha. Ikiwa ni hivyo, ingefaa pia kuangalia wenzangu waliopandishwa pamoja nami, ingawa siwasemei wala sijaziona slipu zao.

Tofauti ni shilingi 3,445.50 kwa mwezi, na kwa miezi mitatu ni shilingi 10,336.50. Naomba mipangilio irekebishwe kabla ya mishahara ya Oktoba kufungwa, na kiasi hicho kirudishwe kupitia mishahara ya Oktoba au Novemba, pamoja na marekebisho yanayohitajika kwenye taarifa zilizokwisha kupelekwa KRA. Nasisitiza jambo hili lifanyike ndani ya mwaka huu kwa sababu fomu yangu ya P9 ya 2025 ikitoka na takwimu hizi, nitalazimika kuwasilisha ritani yangu kwenye iTax na kudai marejesho mwenyewe, wakati fedha zilikatwa kwenye mshahara na ofisi hii inaweza kulisawazisha mapema. Isitoshe, Sheria ya Fedha ya 2025 inamtaka mwajiri kutoa nafuu na makato yote anayostahili mfanyakazi wakati wa kukokotoa PAYE.

Iwapo ofisi itaona hesabu yangu ina dosari, naomba nionyeshwe kwa maandishi ni kwenye mstari upi. Naomba jibu kufikia Jumatatu tarehe 20 Oktoba.

Nimeambatisha nakala za barua ya kupandishwa cheo na slipu za Juni hadi Septemba.

Wako mwaminifu,

Mwanajuma Said Bakari

Nakala: Idara ya Rasilimali Watu